Kaseti Moja, Nakala Tatu

Ndugu wasikilizaji, leo tunahifadhi sauti za familia kwenye kompyuta, na nitashika kaseti moja tu na kuifuata tangu mkanda hadi nakala ya mwisho. Ni ya dakika 60, nusu saa kila upande, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu: "Bibi, Agosti 87".

Kabla ya kuicheza, vunjeni vile vijilimi viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa nyuma. Vikishatoka, mashine haiwezi tena kurekodi juu ya sauti ya bibi hata mtu akibonyeza kitufe kimakosa. Kisha unganisheni kinasa na kompyuta kwa waya. Msiweke simu mbele ya spika, maana mtanasa na mwangwi wa chumba. Kiwango cha sauti kiacheni chini kidogo, pale bibi anapocheka kwa nguvu mshale usigonge kikomo. Sauti iliyogonga kikomo imekatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi.

Sasa aina ya faili. Nakala mama iwe WAV, faili linaloweka sauti bila kuibana, sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 24. Kwa njia mbili za sauti, upande mmoja wa kaseti yetu unafika takriban megabaiti 520, yaani kaseti nzima inapita gigabaiti moja kidogo. Wengi hapa hushtuka, wakakimbilia MP3. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio haliwezi kuzisikia vizuri. Kwa kusikiliza leo haina neno. Lakini siku mjukuu atakapotaka kuondoa mvumo wa mkanda, atakuwa anasafisha kitu kilichokwisha kupunguzwa, na kila akihifadhi upya kama MP3 kinapungua tena. Kama nafasi ni tatizo la kweli, tumieni FLAC: hubana bila kutupa chochote, na ukiifungua unapata sauti ileile, biti kwa biti. MP3 tengenezeni baadaye, ya kuwatumia ndugu.

Na sauti mlizotumiwa kwa WhatsApp? Zihifadhini zilivyo. Zimeshabanwa zilipotumwa, na kuzigeuza WAV kutaongeza ukubwa tu.

Kwenye jina la faili ndipo nataka tukae kidogo. "Bibi" ni nani? Kwa aliyerekodi ni mama wa mama yake. Kwa mtoto wa aliyerekodi, bibi ni mtu mwingine kabisa, na miaka 30 baadaye hakuna wa kuulizwa. Kwa hiyo andikeni jina lake mwenyewe. Tuseme aliitwa Mwanaisha:

```
1987-08_mwanaisha_hadithi_kaseti03_A.wav
1987-08_mwanaisha_hadithi_kaseti03_B.wav
```

Mwaka umetangulia, mwezi ukafuata, kwa sababu kompyuta hupanga majina kwa herufi na tarakimu. Ukianza na mwezi, Agosti za miaka yote zitakaa pamoja. Siku hatuijui, basi hatuibuni. Hakuna nafasi wala alama za ajabu, ili jina lisivurugike likihamia mashine nyingine. Namba 03 iandikeni pia kwenye kaseti yenyewe, la sivyo faili na mkanda vitapoteana. Mengine yote, kama nani anauliza maswali na nani anakohoa pembeni, yaingie kwenye faili la maandishi la kawaida, `.txt`, lenye jina hilohilo.

Nakala ziwe tatu: ya kompyuta, ya diski ya nje, na ya tatu nyumba nyingine au mtandaoni. Diski mbili kwenye droo moja huungua pamoja. Na hifadhi inayojilinganisha yenyewe na simu yako msiitegemee peke yake, kwa sababu ukifuta hapa, na kule kunafutwa.

Lakini mtajuaje kwamba nakala bado ni nzima? Faili lililoharibika huweza kufunguka vizuri, likaharibika sekunde chache tu katikati. Kwenye Linux, ingieni folda yenye sauti na mwandike:

```
sha256sum *.wav > orodha.sha256
```

Kila faili hupata alama ya tarakimu na herufi 64, na likibadilika hata biti moja, alama hubadilika. Nakilini orodha hiyo pamoja na sauti. Kila mwaka, kwenye kila nakala, pimeni:

```
sha256sum -c orodha.sha256
```

Mkiona `OK`, endeleeni. Mkiona `FAILED`, msinakili chochote kutoka diski hiyo, maana ndivyo faili bovu linavyofunika zima. Nendeni kwanza kwenye nakala ya pili, mpime huko, na faili lililopita kipimo ndilo lirudishwe mahali pa lililoanguka. Kisha pimeni tena diski ile. Faili la pili likianguka, nunueni diski nyingine.