Nitachukua Siyo Hela: Jinsi Nilivyopima Soko la Koti la Mvua Kabla ya Kuagiza Mzigo

Haya jamani, naomba wa nyuma wasogee, feni hii inapiga kelele na mimi sauti yangu ndo hiyohiyo. Nimeambiwa niongelee kupima soko kabla hujaagiza mzigo, sa mi sitaongea mambo mengi, nitawapa habari ya koti moja tu, koti la mvua la abiria wa bodaboda, maana hilo ndo lilinifundisha.

Mnajua masika ya Dar yalivyo. Unatoka nyumbani Kimara jua linawaka, unafika Ubungo umelowa mpaka kwenye pochi. Nikawaza, koti refu linalofunika mapaja na begi, wadada wa maofisini watagombania. Nikapata mtu China anayetengeneza, ila hauzi chini ya makoti 300, na mpaka yanifikie mkononi kila moja ni elfu 13. Yaani milioni 3 na laki 9. Nilikuwa nayo, ya kikoba, na mkono ulikuwa unawasha kweli.

Nikajizuia. Nikashuka Kariakoo nikachukua kitambaa cha mwavuli, fundi wangu Manzese akashona mawili, zipu na kila kitu jumla ilinitoka elfu 58. Hayo ndo sampo. Hayakuwa mazuri sana, mshono wa begani ulikuwa unavuja kidogo, lakini mtu alikuwa anaweza kulivaa, kukaa nyuma ya pikipiki na kuona linamfunika au halimfuniki. Picha peke yake isingenipa hilo.

Kabla sijamuonyesha mtu nikakaa na daftari. Nikiuza elfu 25, nahitaji wateja 156 ndo hela yangu irudi, faida bado hapo. Masika tuseme wiki kumi. Kwahiyo kila wiki mbili nipate kama watu 31, na kwa vile wapo watakaokimbia nikaandika 40. Arobaini waliolipa kianzio cha elfu kumi, ndani ya wiki mbili, wasiopungua hapo, la sivyo siagizi. Nikaandika na tarehe. Hiyo namba iandike kabla hujaanza kuuza, maana ukishaanza utaipenda tu namba yoyote utakayopata, ukipata 12 utasema aah 12 siyo mbaya, wengine wanasubiri mshahara.

Nikaweka picha status, nikaandika wazi kabisa kwamba koti halijatengenezwa, unalipa kianzio elfu kumi, lisipotoka unarudishiwa yote. Basi! Watu 61 wakaniandikia. "Nitachukua shosti." "Niwekee mbili." Mmoja akanitumia sauti ya dakika tatu ananisifia. Nikawatumia wote namba ya kulipia. Unajua waliolipa wangapi? Tisa. Na katika hao tisa, sita ni shangazi zangu, wa kikoba na niliosoma nao, yaani hao wangelipa hata ningeuza mfuko wa rambo. Wageni kabisa walikuwa watatu.

Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanahesabu zile 61. Mtu kusema nitachukua hakumgharimu kitu, na sisi huku pwani kumwambia mtu hapana usoni tunaona ni utovu wa adabu. Kaka mmoja hapa aliniuliza wakati naingia kwa nini nisichukue kianzio cha buku mbili ili walipe wengi. Watalipa, ndiyo, ila buku mbili mtu anaisamehe, siku ya kuchukua mzigo humuoni. Elfu kumi kwa kitu cha elfu 25 inamuuma, na akishalipa anakupigia simu mwenyewe kuuliza limefika.

Sikukata tamaa hapohapo, nikawarudia wale ambao hawakulipa nikawauliza, siyo kwa nini hujalipa, hilo linamtia mtu aibu, niliwauliza mara ya mwisho mvua imekukuta kwenye boda ulifanyaje. Majibu yakaja mengine kabisa. Wanajibanza kwenye kibanda mpaka ipite. Wanapanda daladala. Na koti lililolowa wakifika ofisini wataliweka wapi? Yaani kwao kulowa ni mara mojamoja, kulibeba koti ni kila siku.

Sa jioni moja nipo Mwenge kijiweni na sampo yangu, nimeshachoka, dereva mmoja ananiambia dada, mimi ndo nauhitaji huo mzigo. Mvua ikinyesha abiria wananikimbia, ningekuwa nalo kwenye pikipiki ningembeba. Nikashtuka. Mteja alikuwa mbele yangu muda wote na mimi namuuliza abiria wake! Ila akanipa masharti: toa mikono, livaliwe haraka kwa kichwani kama kanzu, likauke haraka, liwe na kimfuko cha kulikunjia chini ya kiti.

Nikawarudishia wale tisa kianzio chao, gharama ya kutuma juu yangu. Hela ya kianzio mi naiweka laini ya pembeni ambayo sinunulii hata vocha, maana ukiigusa siku ya kurudisha utajikuta umekopa kwa wateja wako. Fundi akashona sampo ya pili, nikaanza kuhesabu upya, namba ileile 40, wiki mbili za Februari.

Bei nikaijaribu pia, Makumbusho nikasema elfu 25, Mwenge elfu 20. Makumbusho niliongea na madereva 15 wakalipa watatu, Mwenge 16 wakalipa tisa. Wachache hao, siyo takwimu za kupeleka serikalini, lakini tofauti ilionekana. Kosa langu nilisahau kwamba madereva wanaongea, siku ya tatu napigiwa simu, dada mbona wa Mwenge ni ishirini? Nikawashushia wote ikawa elfu 20. Ukijaribu bei mbili, tenganisha maeneo ambayo watu hawakutani.

Mpaka tarehe niliyoandika walikuwa wamelipa 52, ninaowajua ni wanne tu. Namba imepita. Na bado China sikuagiza, kwa sababu walichokilipia siyo koti lile la kiwandani, ni hili la kichwani, na mzigo kwa meli ungenikuta masika imefika katikati. Nikashonesha hapahapa 52 tu, kila moja elfu 15 na mia tano. Faida ndogo, elfu 4 na mia tano kwa kipande, ila hakuna hata senti iliyolala stoo.

Jamaa mmoja Marekani, Nick Swinmurn, mwaka 1999 alifanya hivihivi na viatu, alipiga picha viatu vya maduka ya watu akaweka mtandaoni, mtu akinunua anakwenda dukani kununua kwa bei ya duka anamtumia. Faida hakupata, alikuwa anataka kujua kama mtu atanunua kiatu bila kukijaribu. Baadaye ikawa kampuni ya Zappos. Mnacheka kwa sababu nusu yenu mnafanya hivyo na mizigo ya Kariakoo kila siku, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anaandika majibu.

Fundi alinichelewesha siku nane, watatu wakataka hela yao, nikawapa. Wawili hawakutokea mpaka leo. Juni nikapita vijiwe vilevile na yale matano yaliyobaki, hakuna aliyegusa, jua kali, nani anunue. Hapo nikayafikiria yale 300.

Sasa vuli inakuja. Septemba narudi vijiweni na sampo ya tatu, ina mstari unaong'aa mgongoni, wao wenyewe ndo waliouomba. Kianzio elfu kumi ileile.