Chenji ya Mgeni Asiyekuja

(Mazungumzo na wamiliki wa kampuni ndogo za utalii na gesti, Moshi)

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni. Asanteni kwa kufunga maofisi mapema mkaja kunisikiliza.

Nianze na neno mnalolijua wote: chenji. Mama anauza mitumba pale Mbuyuni. Mteja anampa noti ya elfu kumi kwa blauzi ya elfu saba, naye anarudisha elfu tatu bila kufikiri. Asiporudisha, jirani wa meza ya pili atamshangaa. Sisi tumelelewa hivyo, kwamba cha mtu kilichozidi kinarudi kwa mwenyewe. Utapeli ninaouzungumzia leo umejengwa juu ya tabia hiyo nzuri, na ndiyo maana huwa naumia nikisikia watu wanasema waliotapeliwa walikuwa na tamaa. Tamaa huwa ipo kidogo, nitaonyesha ilikokaa, lakini mlango alioingilia mwizi ni uaminifu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhasibu wa kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani, hapa hapa Moshi. Pesa ninayowasimulia niliituma kwa mkono wangu mwenyewe. Kampuni siitaji, na benki siitaji.

Jumatatu ilikuja barua pepe. Watu sita wa familia moja walitaka njia ya Machame kwa siku saba. Tukawapa bei ya dola 1,900 kwa mtu, jumla dola 11,400. Kabla saa moja haijaisha akajibu kwamba amekubali.

Hapo nilipaswa kusimama kidogo. Ninyi mnawajua wapanda mlima. Mtu anayetaka kufika Uhuru anakuuliza maswali hadi uchoke: baridi ya Barafu usiku, dawa ya kichwa cha mwinuko, begi la kulalia linakodishwa au aje nalo, wapagazi wangapi, na mpishi anaweza kumpikia asiyekula nyama? Halafu anakuambia kampuni nyingine imempa bei ya chini. Huyu hakuuliza lolote kuhusu mlima. Maswali yake yote yalihusu kadi: mnapokea kadi, mnaweza kukata kiasi gani kwa mara moja, na pesa inachukua siku ngapi kuingia kwenye akaunti yenu?

Jumatano akaleta ombi. Familia yake, alisema, inakatiwa tiketi za ndege na wakala aliye nchi nyingine, na wakala huyo hana mashine ya kadi. Basi tukate dola 16,400 kwenye kadi yake. Katika hizo, 11,400 ni za safari, 4,800 tumtumie wakala, na 200 zibaki kwetu kwa usumbufu. Hizo 200 ndiyo sehemu ya tamaa niliyowaambia. Ni ndogo, na imewekwa pale ili ombi lionekane la kistaarabu. Mtu anayekulipa kwa usumbufu anaonekana mtu wa haki.

Kadi ya kwanza ilikataa. Baada ya dakika chache akatuma namba za kadi ya pili, yenye jina jingine, akasema ni ya shemeji yake. Hiyo ikapita, mashine ikaandika imeidhinishwa. Ijumaa pesa ilikuwa kwenye akaunti. Benki hukata kamisheni yake, na kwetu ilikuwa asilimia 3.5, yaani dola 574, kwa hiyo tuliona dola 15,826. Niliziona kwa macho yangu kwenye taarifa ya akaunti. Bosi alifurahi, na mimi nilifurahi.

Siku hiyo hiyo ujumbe ukaanza kuja kwa kasi. Tiketi zitafutwa jioni, wakala analalamika, watoto wanalia. Nikatuma dola 4,800 kupitia huduma ya kutuma fedha nje, mara mbili, kwa majina mawili aliyonipa. Zikachukuliwa taslimu upande wa pili. Tukalipa pia advansi ya hoteli, dola 360, ambayo hairudishwi.

Siku ya thelathini na saba benki ikatoa dola 16,400 kwenye akaunti yetu.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Neno «imeidhinishwa» kwenye mashine lina maana finyu mno. Linasema benki iliyotoa kadi imeangalia na kuona kadi iko hai na ina nafasi ya kiasi hicho. Halisemi aliyezitaja namba ndiye mwenye kadi. Mwenye kadi halisi alikuwa nchi ya mbali, hajawahi kulisikia jina la Machame. Alipopata taarifa yake ya mwezi akakuta malipo asiyoyajua, akapiga simu benki kwake akayakana. Benki yake ikaidai benki yetu, na benki yetu ikatukata sisi. Wenyewe wanaita chajibeki. Kwa kadi za Viza na Mastakadi, mwenye kadi kwa kawaida ana siku 120 za kukana malipo ya wizi. Na kama kadi haikuwepo mezani kwako, ulipewa namba tu kwa barua au simu, hasara kwa kawaida inamwangukia muuzaji.

Tupige hesabu polepole. Tulipokea 15,826, tukanyang'anywa 16,400, kwa hiyo kamisheni ya 574 ilikwenda. Tulituma 4,800 ambazo hazirudi. Hoteli 360. Jumla dola 5,734, kabla ya faini ambayo benki hutoza kwa kila chajibeki. Hakuna mguu uliokanyaga mlima. Na angalieni hapa: mwizi hakuzigusa kabisa zile 11,400. Hakuzihitaji. Zilikuwepo ili 4,800 zionekane chenji. Safari nzima, watu sita, siku saba, vilikuwa kanga ya kufungia kitu kimoja tu, yaani pesa inayotoka kwetu ikiwa safi na isiyorudishika.

Ndipo ilipo tofauti na yule mama wa Mbuyuni. Noti ya elfu kumi ikishaingia kwenye pochi yake, hakuna mtu wa kuivuta kutoka mbali. Malipo ya kadi yana kamba nyuma yake, na kamba hiyo ameishika mtu mwingine kwa miezi. Chenji niliyoituma mimi haikuwa na kamba. Nilirudisha pesa ngumu kwa pesa ambayo ilikuwa bado haijatulia.

Tukabadilisha utaratibu, na kanuni ni moja: kilichozidi kinarudi kwa njia ile ile kilichojia. Kimekuja kwa kadi, kinarudishwa kwenye kadi ile ile, kupitia mfumo ule ule wa benki. Hakiendi kwa wakala, kwa namba ya simu wala kwa akaunti ya shemeji. Ukimwambia hivyo mgeni wa kweli, anasema asante. Ukimwambia tapeli, anakasirika, anakuja na hadithi ya hospitali, au anapotea. Urudishaji wa namna hiyo pia unakukinga hata kama umeshaingia mtegoni, maana kadi ikiwa ya wizi, pesa inarudi kwa aliyeibiwa, na wewe unaweza kupoteza kamisheni tu. Lakini ukishakuwa na shaka, usirudishe ile ziada peke yake. Rudisha malipo yote, kisha uijulishe benki yako siku hiyo hiyo, kwa sababu kiasi kilichobaki nacho kitakuja kudaiwa.

La pili, tuliacha kupokea namba za kadi kwa barua pepe. Tunatuma linki ya malipo ambayo benki ya mwenye kadi inamtaka athibitishe kwa msimbo kwenye simu yake. Malipo yakipita kwa uthibitisho huo, lawama ya wizi kwa kawaida inahamia benki iliyotoa kadi. Si kinga kamili, maana kuna kadi zisizo na uthibitisho huo, na kuna wenye kadi wanaodanganywa mpaka wanatoa msimbo. Lakini namba zilizoibwa peke yake hazipiti tena.

Mama mmoja mwenye gesti kule Rau ameniletea kikaratasi: «Mimi sina mashine ya kadi, nalipwa kwa simu. Linanihusu?» Linakuhusu, mama yangu, na kwako linakwenda kwa kasi zaidi. Mteja anasema ametuma laki tatu badala ya elfu thelathini, vidole viliteleza, naomba unirudishie. Ujumbe wa malipo unao. Mara nyingi ujumbe huo umeandikwa na yeye mwenyewe na umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, si kwa jina la huduma. Usiusome ujumbe, soma salio. Kwa M-Pesa piga `*150*00#` uangalie mwenyewe. Salio halijapanda, hakuna cha kurudisha.

Upo na ujanja wa pili, ambao salio limepanda kweli. Ametuma, anakuomba urudishe kwenye namba nyingine, na wakati unatuma yeye anapiga simu huduma kwa wateja kudai kwamba alikosea namba, muamala urudishwe. Unaweza kulipa mara mbili. Mjibu hivi: «Piga huduma kwa wateja, waombe wairudishe, mimi sitaitoa.» Usiitumie hiyo pesa, iache ikae. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, ndiyo namba ya kuripotia, kisha nenda polisi na namba za miamala zikiwa zimeandikwa, maana bila hizo hawana pa kuanzia.

Kijana pale nyuma anauliza kama kwa ukali huu hatutawafukuza wageni wa kweli. Nimeliogopa hilo mimi mwenyewe. Mwaka uliofuata mgeni mmoja alituma kwa benki dola 2,150 badala ya 1,900, akaandika kwamba alikuwa ameongeza kidogo akihofia makato ya njiani, na makato hayakuwa makubwa kama alivyodhani. Mikono ilinitetemeka niliposoma. Nikamjibu kwamba ziada nitairudisha kwenye akaunti ile ile iliyotuma, baada ya benki yetu kunithibitishia kwa maandishi kwamba pesa imetulia, na itachukua siku kumi hivi. Akajibu mstari mmoja, kwamba hana haraka, halafu akauliza kama Februari kunakuwa na theluji juu na kama viatu vyake vya zamani vitafaa. Niliposoma hilo swali la viatu, nilipumua.