Jinsi ya kuielezea fremu ya miwani mpaka muuzaji aipate

Mambo vipi wadau, leo tunaenda moja kwa moja kwenye fremu. Watu wengi wanamtumia muuzaji meseji "nataka miwani nyeusi, ya kisasa" halafu wakiletewa kitu tofauti wanalalamika, wakati rangi ni kitu cha mwisho kabisa kutaja. Anza na umbo la lenzi, fuata daraja la pua, malizia na kitu fremu imetengenezwa nacho. Hapa mezani nina mbili, ya miwaya ya marubani na hii nene nyeusi.

Hatua ya kwanza, iweke fremu ikuangalie usoni na uisome lenzi moja tu. Usiseme haraka haraka "ya duara" au "ya mraba", tazama mstari wa juu peke yake, kisha wa chini peke yake. Hii ya marubani juu imenyooka kidogo, chini imejaa na inateremka kuelekea shavuni kwa upande wa nje, yaani ni tone la maji lililolala. Marubani walitaka lenzi kubwa hivi ili hata wakitupa macho chini kwenye mita zao jua lisiwapate. Sasa chukua hii nene: juu pana, chini inabana, na kona za juu za nje zimechomoza, hiyo ndo ile ya Ray-Ban ya tangu 1952, kwenye simu ukiandika wayfarer inakuja. Kona hizo zikipanda juu zaidi na kuchongoka tunasema jicho la paka. Na kama ni duara ila juu imekatwa kidogo, mafundi wanaiita panto, itaje hivyohivyo.

Hatua ya pili ni daraja, na hapa tukae kidogo maana ndo panapoamua kama miwani itakaa au itakuwa inateleza siku nzima. Ya marubani ina vyuma viwili, kimoja juu kwenye nyusi na kimoja chini yake, kwa hiyo sema "daraja mbili", na ina pedi ndogo za pua ambazo fundi anaweza kuzipanua au kuzibana. Hii nene haina pedi, plastiki yenyewe ndo inakaa puani, inaitwa daraja la tandiko. Ukiona juu yake pameachwa tundu kama la ufunguo, ujue hiyo inakaa pembeni mwa pua tu, haigusi juu.

Kama pua yako ni pana na chini kidogo kati ya macho, wengi wetu tuko hivyo, fremu isiyo na pedi ijaribu kwanza: ivae, cheka kwa nguvu. Fremu ikiinuka na mashavu, au ukiinama inashuka, daraja hilo si lako hata umbo likupendeze vipi. Chukua ya pedi.

Geuza mkono wa miwani uone ndani kumeandikwa nini. Hii ya marubani inasema 58□14 135. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili nafasi kati ya lenzi mbili, ya tatu urefu wa mkono, zote milimita. Mpe muuzaji namba hizo, lakini zisikudanganye, 14 kwenye fremu ya pedi na 14 kwenye ya plastiki havikai sawa puani, kwa sababu pedi zinapangwa upya na plastiki haipangiki.

Hatua ya tatu, kitu imetengenezwa nacho. Fremu nyeusi tupu ni ngumu kusema kwa macho, kwa hiyo tafuta yenye madoa ya gamba la kobe kisha ishike kwenye mwanga. Asetati ya ukweli, yaani plastiki inayochongwa kutoka kwenye bamba, madoa yanaingia ndani na kushoto na kulia hayafanani, na kwenye mkono unaweza kuona waya umepita katikati. Ile ya plastiki ya kumwagwa kwenye mashine madoa mara nyingi yako juujuu, na unakuta kamstari kembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Asetati fundi akiipasha moto inalainika na kupangika, ila TR90, ile plastiki nyepesi ya jamii ya nailoni, inapinda na kurudi palepale, kwa hiyo mkono ukikubana masikio usitegemee sana kurekebishwa.

Haya, sasa ya marubani nimtumie muuzaji hivi: "Lenzi ya tone, juu imenyooka, chini inateremka nje. Daraja mbili, pedi za pua za kurekebisha. Fremu ya chuma nyembamba, dhahabu. 58□14 135." Na hii nene: "Juu pana chini inabana, kona za nje zimechomoza. Daraja la tandiko, haina pedi. Asetati nyeusi, 50□22." Copy, badilisha kulingana na yako, tuma.