Mabaka ya aleji yakipita wiki sita: dozi ya kila siku na daftari la alama

Haya, habari za jioni wote, karibuni, nafasi za mbele bado zipo. Leo naongelea mabaka, yale yanayotuna na kuwasha, yanatokea mkononi yanahamia tumboni kisha mapajani, kitaalamu urtikaria. Yakija mara moja yakaisha ndani ya siku chache siyo mada yangu leo, mara nyingi ni mafua au virusi vingine vimepita, au dawa fulani, au chakula kweli. Mimi naongelea yale ambayo yamevuka wiki sita na yanatokea siku nyingi za wiki. Hapo tunaita sugu na hapo ndo watu wanaanza kuteseka kwa kutafuta kitu ambacho mara nyingi hakipo.

Nianze na hili kabisa maana ndo linawagharimu watu. Mabaka yakishakuwa sugu kwa mtu mzima, chakula ni nadra sana kuwa chanzo. Nadra sana. Kwa wengi ni kinga ya mwili wenyewe, inatengeneza kingamwili zinazozichokoza seli fulani za kwenye ngozi zinaitwa seli za masti, seli hizo zinamwaga histamini, mishipa midogo inavuja maji, ngozi inatuna na kuwasha. Hakuna kitu cha nje kilicholeta. Ndo maana unaacha mayai, unaacha samaki, unaacha maziwa, unaacha karanga, unabadili sabuni, na mabaka yanarudi vilevile usiku.

Ngoja niwape mfano wa dada mmoja, nimebadilisha vitu vidogo vidogo asijulikane. Miaka thelathini na kitu, mabaka miezi mitano. Alikuja amekonda kwasababu alikuwa ameondoa karibu vyakula vyote, na daftari analo, limejaa majina ya vyakula tu. Dawa alikuwa anatumia klorfeniramini, ile ya kulewesha usingizi, anameza akiwashwa na asipowashwa hamezi. Na mara mbili alishachomwa sindano ya steroidi, anapona siku tatu nne alafu yanarudi kwa kasi.

Sasa tuchukue dawa kwanza. Antihistamini, yaani dawa za aleji za aina ya ile klorfeniramini, haiondoi histamini mwilini, inachofanya inakaa kwenye kiti ambacho histamini ilitaka kukalia. Histamini ikishakaa, kumeza kidonge wakati huo ni kuchelewa, baka limeshatuna, utasubiri tu liishe lenyewe. Kwahiyo dawa hii inamezwa kila siku, muda uleule, uwe unawashwa au huwashwi, ili kiti kikutwe kina mtu. Wengi wanaoniambia dawa haifanyi kazi ukiwauliza vizuri unakuta wanameza kwa kuvizia, leo ndiyo kesho hapana.

Na iwe ya kizazi cha pili. Setirizini miligramu 10, au loratadini miligramu 10, au feksofenadini miligramu 180, moja kati ya hizo, kidonge kimoja kwa siku kwa mtu mzima. Zile za zamani kama klorfeniramini na prometazini zinaingia kwenye ubongo, unalala ovyo, kesho kichwa kizito, unaendesha gari ukiwa nusu umesinzia, na nguvu yake ya kuzuia muwasho haidumu muda mrefu, sizitaki kwa tatizo la miezi. Anayemeza feksofenadini ameze na maji jamani, juisi ya matunda inapunguza kiasi kinachoingia kwenye damu.

Unaanza na kidonge kimoja kila siku, unakaa wiki mbili mpaka nne, unapima. Kama bado, na hapa ndo wengi hawaambiwi, miongozo ya kimataifa ya urtikaria inaruhusu kupandisha dawa ileile hadi mara nne ya dozi ya kawaida. Setirizini mara nne maana yake miligramu 40 kwa siku. Kikaratasi cha ndani ya boksi kitakwambia kidonge kimoja tu, kwahiyo kupandisha kunafanywa na daktari anayekufahamu siyo wewe na rafiki yako. Mwenye shida ya figo setirizini inabaki mwilini zaidi, dozi yake inapunguzwa. Mjamzito na mtoto wana hesabu zao. Na hata hiyo setirizini ikipanda wengine inawapa usingizi, huyo abadilishiwe. Kitu kingine, usichanganye aina mbili tatu za antihistamini ukidhani zitasaidiana, panda na moja. Na klorfeniramini usiipandishe kabisa.

Steroidi, yaani predinisoloni na wenzake, zinatuliza kweli, sikatai. Lakini kwa hili zina nafasi ndogo mno, makali yakizidi daktari anaweza kukupa kwa siku chache, zisizidi kumi, basi. Mtu anayerudia rudia kila mwezi anajitafutia sukari, presha, mifupa kulegea, na mabaka bado anayo. Hili linaniuma kwasababu nawaona kila wiki.

Turudi kwenye daftari la yule dada. Sikumwambia alitupe, nilimwambia aandike vitu vingine. Kila usiku kabla ya kulala namba mbili. Ya kwanza mabaka ya saa 24 zilizopita: hakuna ni 0, chini ya 20 ni 1, kati ya 20 na 50 ni 2, zaidi ya 50 au yameungana eneo kubwa ni 3. Ya pili muwasho: haupo 0, kidogo 1, unasumbua lakini unafanya shughuli 2, unakuharibia usingizi au kazi 3. Unajumlisha. Siku moja haivuki 6, wiki nzima haivuki 42. Wiki yake ya kwanza ilikuwa 5, 4, 6, 4, 3, 6, 3, jumla 31, na kuanzia 28 kwenda juu tunahesabu ni kali. Tukamwanzishia setirizini kila siku kidonge kimoja. Wiki ya pili mwishoni 25. Tukapandisha viwili, baada ya wiki mbili 14. Vinne, ikashuka mpaka 4. Ikiwa 6 kushuka chini tunasema imeshikika vizuri.

Mnaona faida yake? Bila namba angekuja akaniambia bado natoka mabaka, na kweli alikuwa bado anatoka, ningeweza kubadilisha dawa ambayo tayari ilikuwa inafanya kazi.

Pembeni ya namba nilimwambia aandike vitu vichache tu: dawa nyingine yoyote aliyomeza, sehemu iliyobanwa na nguo au mkanda wa begi, joto au jasho au baridi, homa, hedhi, msongo. Zile siku mbili za 6 zote alimeza ibuprofeni kwa ajili ya mgongo. Hiyo ndo taarifa. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki zinaweza kuchochea mabaka kwa baadhi ya watu wenye tatizo hili, akahamia parasetamoli. Na mayai? Alikula siku nne, siku tatu hakula, na alama hazikufuata mayai hata kidogo. Kutokea mara moja siyo ushahidi, mabaka yanakuja karibu kila siku kwahiyo lolote utakalokula litaonekana limeyaleta. Cha kukushtua ni kile kinachojirudia, kimemezwa yakaongezeka ndani ya saa chache, kimeachwa yakapungua, zaidi ya mara moja. Alirudishiwa vyakula vyake vyote.

Jambo la mwisho kwenye daftari ni kalamu. Baka jipya likitoka lizungushie duara kwa kalamu ya wino kwenye ngozi, andika saa. Yeye alilizungushia moja mkononi saa tatu usiku, alfajiri duara lipo ngozi ndani yake laini kabisa, baka limehamia bega. Hiyo ni urtikaria ya kawaida, kila baka peke yake halidumu saa 24. Likikaa ndani ya duara hadi kesho kutwa, likawa linauma au kuchoma kuliko kuwasha, likaondoka likaacha alama kama ya kuvilia damu, hilo ni lingine, inawezekana mishipa midogo ya damu imevimba, na anahitaji bingwa wa ngozi akate kipande kidogo kipimwe. Vivyo hivyo ukiwa na homa zisizoisha na viungo kuuma pamoja na mabaka.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu kuvimba midomo. Ahsante mama. Kuvimba midomo na macho pamoja na mabaka ni kawaida kwenye ugonjwa huu, inatisha lakini inashuka ndani ya siku moja mbili tatu. Kuvimba bila baka hata moja ndo kunanipa wasiwasi, kwanza nauliza unatumia vidonge vya presha vya kundi la enalaprili, kaptoprili, lisinoprili, maana vinaweza kufanya hivyo hata baada ya miezi au miaka, na pia kuna ugonjwa wa kurithi ambao antihistamini hazigusi. Huyo aende kwa bingwa mapema. Ila ulimi ukivimba, sauti ikabadilika, pumzi ikabana, ukahisi kuzimia, hapo siyo miadi tena, ni hospitali muda huohuo, unahitaji adrenalini.

Kaka ameuliza vipimo. Vichache kaka. Picha kamili ya damu na kipimo cha uvimbe mwilini, yaani ESR au CRP, vinatosha kuanzia. Bingwa anaweza kuongeza IgE, yaani kingamwili ya aleji, na kingamwili za tezi ya thairoidi, kwasababu magonjwa ya tezi hiyo yanaonekana zaidi kwa wenye haya mabaka. Ile karatasi ndefu ya vyakula arobaini kutoka maabara, kwa mtu ambaye historia yake haionyeshi chakula, itakutoa hela na kukunyima mlo.

Na kwa bingwa unaenda lini? Ukishakaa kwenye dozi ya mara nne, kila siku bila kuruka, wiki mbili hadi nne, na alama bado zipo juu. Beba daftari na picha za simu, maana siku ya miadi ngozi huwa safi. Bingwa ana omalizumabu, sindano ya chini ya ngozi, miligramu 300 kila wiki nne, inawasaidia wengi walioshindikana. Ikigoma kuna siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hiyo inataka kufuatilia figo na presha kwa karibu.

Swali la dada hapa mbele, je nitameza maisha yote? Hapana. Kwa wengi ugonjwa unaisha wenyewe, ila unaweza kuchukua mwaka, wengine miaka kadhaa, dawa inakushikia hali wakati unasubiri. Yule dada alipokaa miezi mitatu na alama karibu na sifuri tukatoa kidonge kimoja, vikabaki vitatu, akaendelea kuandika. Wiki nne zikapita salama tukatoa kingine. Kwenye viwili alama zikapanda mpaka 11, tukamrudisha vitatu, na ndo yupo hapo mpaka sasa, tutajaribu tena baada ya miezi mingine mitatu.