Barua ya leseni: karani ajibu mara moja

SWALEH: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Swaleh, niko hapa Lamu mjini, na nimekaa na Da Maimuna, ambaye miaka mingi alikuwa nyuma ya dirisha la leseni katika ofisi ya kaunti moja hapa Pwani. Shikamoo dada.

MAIMUNA: Marahaba, mdogo wangu. Haya, nimeona ujumbe wa yule mama wa Kizingitini.

SWALEH: Nausoma basi. Anataka kufungua hoteli ndogo ya chakula: chai, mahamri, wali kwa samaki. Akaiandikia ofisi ya leseni, na jibu likaja, mstari mmoja: "Fika ofisini na stakabadhi zote zinazohitajika." Sasa anauliza, stakabadhi zipi? Si ndilo alilouliza?

MAIMUNA: Na kutoka Kizingitini hadi huku si kuvuka barabara. Ni boti, na boti yangoja maji yajae pale Mkanda. Akifika na karatasi pungufu, siku imekwenda. Barua yake mwenyewe ilisemaje?

SWALEH: Hii hapa. "Naomba kujua mahitaji ya kupata leseni ya biashara pamoja na gharama zake. Nitashukuru kupata jibu la haraka."

MAIMUNA: Adabu imo, lakini karani hana la kujibu hapo. Watu wadhani karani anaficha. Ukikaa kwenye kiti kile utaona. Mbele yake pana jedwali la ada, lililoambatanishwa na Sheria ya Fedha ya kaunti. Lina safu na safu, na kila safu ina msimbo wake, yaani nambari ya aina ya biashara. Mwenye duka la nguo ana safu yake, fundi wa mbao ana yake. Na ndani ya aina moja kuna ukubwa. Lile jedwali ambalo kaunti nyingi zililirithi kutoka mabaraza ya miji ya zamani linapima hoteli ya chakula, ile isiyo na malazi wala pombe, kwa idadi ya wateja: hadi watano, kutoka 6 hadi 20, na zaidi ya 20. Kila kundi na ada yake.

SWALEH: Kwa hiyo akiuliza "ni pesa ngapi"...

MAIMUNA: Karani ana majibu mengi na hajui lako ni lipi. Akichagua moja kwa kukisia, kesho utamletea ile barua dirishani: "Mliniandikia hivi." Ndiyo maana akakwambia fika ofisini. Akikuona atakuuliza mwenyewe: viti vingapi, wapi, wapika au wauza soda tu? Basi yale maswali ambayo angekuuliza dirishani, yajibu wewe kwenye barua kabla hujauliza lako.

SWALEH: Tumsaidie kuiandika upya? Nimempigia simu jana usiku, nikamuuliza yote hayo. Viti kumi na viwili. Chumba ni cha kukodi, chini ya nyumba ya mawe, mita nne kwa tano. Watafanya kazi watatu, yeye akiwa mmoja wao. Pombe hakuna, vyumba vya kulala hakuna. Anataka kuanza Septemba. Na ataweka kibao nje.

MAIMUNA: Hicho kibao kiandike. Kaunti nyingi zina ada ya kibao cha nje peke yake, na watu hugundua walipokwisha kulipa. Tuanze na kichwa cha barua. Watu huandika "KUH: LESENI". Barua zote zinazofika pale ni za leseni! Andika hivi: "KUH: MAHITAJI YA LESENI, HOTELI YA CHAKULA BILA MALAZI, VITI 12, KIZINGITINI." Karani akisoma mstari huo, mkono wake tayari uko kwenye ukurasa wa jedwali.

SWALEH: Halafu?

MAIMUNA: Halafu fungu moja la maelezo. Usianze na "Mimi ni mjane mwenye watoto". Pole mama, lakini jedwali halina safu ya mjane. Sema: "Nataka kufungua hoteli ya chakula Kizingitini, kisiwa cha Pate. Itauza chai, mahamri na wali kwa samaki, bila malazi na bila pombe. Viti ni 12. Wafanyakazi ni watatu pamoja nami. Chumba ni cha kukodi, mita nne kwa tano. Nje kutakuwa na kibao kimoja. Nataka kuanza mwezi wa Septemba." Yatosha. Yote hayo yabadilisha jibu, ndiyo maana yamo.

SWALEH: Sasa maswali. Yeye anayo kama tisa hivi. Ameniuliza hata kuhusu kupiga muziki.

MAIMUNA: Muziki mtoe. Haki za muziki si za dirisha lile. Nikuelezee barua yenye swali la ofisi nyingine hufanywa nini. Haijibiwi nusu. Yote hupelekwa kwenye meza nyingine "kwa hatua zaidi", na maswali yako mazuri husafiri nayo. Huko hukaa. Barua ya leseni iulize leseni. Mimi ningemwachia maswali manne, kila moja na nambari yake.

SWALEH: La kwanza bila shaka ni ada.

MAIMUNA: Ndiyo, ila hivi: "Je, biashara hii iko katika kundi la wateja 6 hadi 20? Kama siyo, ni msimbo gani? Ada yake mwaka huu ni kiasi gani, na ya kibao je?" Umemwekea jibu mdomoni, yeye anasema ndiyo au anakusahihisha. Kusahihisha ni kwepesi kuliko kutunga. Na ule msimbo usiuache! Ukifika dirishani ukamkuta karani mwingine, utamwambia, "Nimeandikiwa msimbo fulani," naye ataufungua. Usipokuwa nao, atakuainisha upya kutoka mwanzo, na pengine kundi la juu.

SWALEH: La pili nalikisia. Septemba.

MAIMUNA: Eeh, hapo pana mtego. Kaunti nyingi leseni ya biashara huisha 31 Desemba, hata ukiilipia Septemba. Lakini Sheria ya Fedha ya kaunti hufuata mwaka wa fedha, na mwaka huo huanza Julai. Kwa hiyo ada aliyoambiwa jirani Februari inaweza kuwa si ile ya Septemba. Aulize: "Nikilipa Septemba, leseni itaisha tarehe gani, na nitalipa ada nzima au sehemu?" Akiambiwa nzima, na inaisha Desemba, aamue mwenyewe kama angoje Januari.

SWALEH: Mimi ningengoja.

MAIMUNA: Wewe huna mahamri ya kuuza. La tatu ni karatasi, na hapa usiulize "nahitaji nini". Orodhesha ulizonazo: "Nina kitambulisho, pini ya KRA na mkataba wa kodi ya chumba. Vyeti vya afya vya wafanyakazi tutavichukua. Kuna karatasi nyingine itakayohitajika?" Karani anaipitia, anaongeza moja au haongezi.

SWALEH: Mbona vyeti vya afya umesema "tutavichukua"? Mama ameniambia anataka kuvipata wiki hii.

MAIMUNA: Asubiri kidogo. Mpishi na wahudumu wa chakula hupimwa kila miezi sita. Hesabu huanza siku ya kupimwa, si siku ya kufungua hoteli. Akipimwa leo na leseni ikachelewa, miezi inaliwa bure. Apate jibu la barua kwanza, ndipo awapeleke watu wake hospitali.

SWALEH: Na la nne?

MAIMUNA: Mpangilio. "Ukaguzi wa afisa wa afya ya umma hutangulia malipo au hufuata? Huombwa katika ofisi gani iliyo karibu na Kizingitini?" Sehemu ya chakula lazima bwana afya aione: maji, choo, mahali pa kuoshea vyombo, moshi unatokea wapi. Kama hutangulia, basi kwenda kulipa kabla yake ni safari ya bure.

SWALEH: Yeye alitaka kuongeza, "Je, nitakubaliwa?"

MAIMUNA: Hilo likiingia, barua imelala. Karani hana mamlaka ya kuahidi, atampelekea mkubwa wake, na mkubwa hatatia saini ahadi juu ya chumba ambacho hakijakaguliwa. Uliza taratibu, usiulize uamuzi. Na hata jibu likija zuri, mama ajue kwamba hiyo si leseni. Bwana afya akikuta chumba hakina maji, ile barua haitamsaidia.

SWALEH: Mwisho wa barua tumalize vipi?

MAIMUNA: "Tafadhali jibu chini ya kila swali." Kisha nambari ya simu, ya mtu anayepokea simu! Na chini ya kila swali aache mistari miwili mitupu. Kama ni karatasi, karani aandika kwa kalamu, apiga mhuri, amemaliza. Ukimlazimisha kutunga barua rasmi, itaingia kwenye foleni ya mchapaji.

SWALEH: Kiswahili au Kiingereza? Wengi huogopa kwamba Kiswahili hakitachukuliwa kwa uzito.

MAIMUNA: Andika unachokimudu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 yasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Sheria hiyohiyo yaipa ofisi siku 21 za kujibu, na kuwasilisha ombi hakuna ada. Kama umekosea ofisi, wao wanatakiwa kulihamisha ndani ya siku tano.

SWALEH: Basi si aitaje sheria hiyo mwanzoni kabisa?

MAIMUNA: Hapana! Hapo mimi na wanasheria hatuelewani. Barua inayoanza na vifungu, karani huiona kesi, huipeleka kwa mwanasheria wa kaunti. Ya kwanza iwe ya kawaida. Siku 21 zikipita kimya, andika ya pili, fupi: taja tarehe ya ile ya kwanza, ambatanisha nakala, na sasa itaje sheria. Wakikaa kimya tena, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile watu waiitayo Ombudsman. Lakini ili ufike huko lazima uwe na ushahidi kwamba barua ya kwanza ilipokewa.

SWALEH: Na kama anampa nahodha wa boti amfikishie?

MAIMUNA: Vizuri, ila ampe nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nahodha airudishe Kizingitini. Akiwa ametuma kwa barua pepe, asiifute, na asiandike barua mpya kila wiki. Ajibu juu ya ileile, ili maswali manne yabaki chini pale pale karani anapoyaona.

SWALEH: Mama, umesikia. Barua nzima nitakutumia leo kwenye simu, ukishaisoma unipigie kabla boti haijaondoka.