Sifa Iliyoachwa Wazi: Kwa Nini Umbo la Ndani la Sauti Halijazwi Lote

Asanteni kwa kuja. Naomba tuanze kwa kutamka maneno mawili polepole: mchi, ule wa kutwangia, na nchi. Yatamkeni tena mkisikiliza mwanzo tu. Kila neno lina silabi mbili, na silabi ya kwanza ni nazali, yaani sauti inayopitisha hewa puani, peke yake, bila irabu. Mkazo nao umeangukia hapo hapo kwenye nazali. Baada yake inafuata ch, kisha i. Kinachoyatenga ni kitu kimoja: katika mchi midomo hufungana, ilhali katika nchi midomo haina kazi, kwa kuwa ulimi umekwisha kupanda kaakaani, pale pale ch inapotamkiwa.

Swali langu la leo ni hili. Kwa nini nazali ya nchi imeisogelea ch, na ya mchi imekataa? Jirani ni yuleyule. Silabi ni zilezile. Mtu hawezi kusema kwamba nazali inayosimama kama silabi inajilinda isiathiriwe na konsonanti inayofuata, kwa sababu zote mbili zimesimama kama silabi. Jibu lazima litafutwe ndani ya nazali zenyewe, katika kile ambacho msemaji anacho akilini kabla hajatamka.

Tazameni sasa vivumishi. Tukisema kazi, tunapata kazi mbaya, kazi ndogo, kazi nzuri, kazi ngumu. Kiambishi ni kimoja, cha ngeli ya N, lakini kinatamkwa kwa midomo mbele ya b, kwa ufizi mbele ya d na z, na nyuma kabisa kwenye kaakaa laini mbele ya g, ingawa maandishi yetu yanatumia herufi n kwa hizo mbili za mwisho. Tukisema mtu, tunapata mtu mbaya, mtu mdogo, mtu mzuri, mtu mgumu. Hapa midomo hufungana kila mara, hata mbele ya g, ambayo iko mbali na midomo kuliko zote.

Na angalieni mbaya, ambalo limejitokeza pande zote mbili. Kwenye maandishi ni neno moja. Katika mtu mbaya lina silabi tatu: m-ba-ya. Katika kazi mbaya lina mbili: mba-ya. Sauti ya m ya mtu mbaya imekuja na midomo yake yenyewe. Ile ya kazi mbaya imeipata midomo kutoka kwa b, na ukiiondoa b ukaweka d, midomo inaondoka nayo.

Hapo ndipo wazo la kuacha wazi linapozaliwa. Katika fonolojia tunaichukulia sauti kuwa fungu la sifa: je, ni nazali au si nazali, ni ghuna, yaani inatetemesha nyuzi za sauti, au si ghuna, inatamkiwa midomoni, kwenye ufizi, au kaakaani. Umbo la ndani ni fungu hilo jinsi linavyohifadhiwa akilini; umbo la nje ni jinsi linavyotoka kinywani. Kiambishi cha mtu mbaya kimehifadhiwa na sifa mbili, unazali na midomo. Kiambishi cha kazi mbaya kimehifadhiwa na unazali tu, na mahali pa kutamkia hapakuandikwa kitu. Konsonanti inayofuata ndiyo inayopajaza.

Wazo hili si geni. Mwanaisimu Nikolai Trubetzkoy na wenzake wa kundi la Prague, katika miaka ya 1930, waliona kwamba kuna mahali katika neno ambapo lugha huacha kutofautisha sauti fulani, na wakasema kinachobaki hapo ni akifonimu, yaani kiini cha zile sifa ambazo sauti hizo zinachangia. Nazali yetu ya kazi mbaya, kazi ndogo na kazi ngumu ni mfano wake mzuri. Kuiita m, au n, au ng', ni kuchagua moja bila sababu, kisha kulazimika kutunga kanuni ya kulifuta chaguo lako na kuandika jingine juu yake.

Lakini naomba tusiridhike mapema. Mtu makini anaweza kunipinga hivi: huna haja ya pengo lolote. Sema kiambishi cha mtu kina m, cha kazi kina n, na kuna kanuni kwamba n hufuata mahali pa konsonanti iliyo mbele yake na m haifuati. Kanuni hiyo inatoa matokeo yaleyale. Na pingamizi hili lina nguvu zaidi tukifika kwenye irabu. Mbele ya irabu hakuna konsonanti ya kujaza pengo, na tunasema kazi nyingi, nguo nyeusi, nguo nyekundu. Kama mahali pa nazali hii ni patupu, hiyo ny imetoka wapi? Wanaoamini pengo wanasema lugha ina sifa ya akiba, inayojaza pale ambapo hapana jirani wa kukopa kwake. Sawa, lakini katika lugha nyingi akiba inayodaiwa ni ya ufizi, na kwa hesabu hiyo tungetarajia neusi. Basi ama Kiswahili kina akiba yake ya kaakaani, ama kiambishi hiki kina ny tangu ndani, na konsonanti huifuta inapokuja. Kwa maoni yangu, data ya Kiswahili peke yake inatuelekeza kwenye pengo bila kutulazimisha kulikubali. Nazali zetu ziko za aina mbili tu, na kwa aina mbili mtu anaweza kutumia jozi ya sifa zilizojazwa.

Kinachohitajika ni lugha yenye aina tatu. Na hapa kuna kisa kinachofaa kuelezwa taratibu, maana woga wa aina tatu ndio uliowafanya wengi waliache wazo hili.

Mwaka 1967 Richard Stanley alionyesha tatizo. Wakati huo mapengo yalitumiwa kwa ajili ya kubana matumizi: chochote kinachotabirika kisihifadhiwe. Stanley akasema, haya, chukua sauti tatu zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa sifa moja. Ya kwanza ina jumlisha kwenye sifa hiyo, yaani inayo, ya pili ina kutoa, yaani haina, ya tatu imeachwa wazi. Kanuni moja inagusa zenye jumlisha, nyingine zenye kutoa. Zikifanya kazi kabla pengo halijajazwa, ile ya tatu inaziponyoka zote mbili. Kwa hiyo pengo, ambalo liliwekwa ili lisiseme kitu, limegeuka kuwa thamani ya tatu katika mfumo uliodaiwa kuwa na thamani mbili. Wengi walilihesabu hilo kuwa kosa la nadharia.

Sasa sikilizeni Kituruki. Kuna neno sanat, sanaa, na likipata kiambishi tamati chenye irabu linakuwa sanatı. Sauti t haibadiliki. Kuna kanat, bawa. Likipata kiambishi hichohicho linakuwa kanadı. Mwisho wa silabi tunasikia t, na mwanzo wa silabi tunasikia d. Na kuna etüd, neno la kukopa lenye maana ya zoezi la muziki, ambalo kwa wasemaji wanaolitamka hivyo lina d pote: etüd, etüdü.

Jaribuni kuzipanga aina hizi tatu kwa thamani mbili. Mkisema kanat lina d ndani, na kwamba d hupoteza ughuna mwishoni mwa silabi, mmeieleza kanat, lakini kanuni hiyohiyo ingeigeuza etüd kuwa na t. Mkisema kanat lina t ndani, na kwamba t hupata ughuna kati ya irabu, sanatı inawapinga. Kila upande mnaoegemea, kuna neno linabaki nje. Kwa thamani tatu yote yanatulia. Sanat ina t iliyojazwa kuwa si ghuna. Etüd ina d iliyojazwa kuwa ghuna. Kanat mwishoni ina konsonanti ya ufizi ambayo ughuna wake umeachwa wazi, na kanuni ya lugha hujaza pengo tu, haifuti: mwishoni mwa silabi hujaza kutokuwa ghuna, mwanzoni hujaza ughuna.

Naona mkono umeinuliwa pale nyuma. Anauliza kama haitoshi kuliwekea etüd alama kwamba ni neno lisilotii kanuni, basi. Ni swali zuri sana, na Kituruki chenyewe kinalijibu. Kuna neno ecdat, mababu, ambapo herufi c husomwa kama j yetu. Gawanyeni silabi: ec-dat. Sauti ya c iko mwishoni mwa silabi, na imebaki ghuna. Likipata kiambishi linakuwa ecdadı, yaani konsonanti yake ya mwisho inabadilika kama ile ya kanat. Mkiliwekea neno zima alama ya kutotii, mwisho wake unawakanusha. Msipoliwekea, katikati yake panawakanusha. Alama haiwezi kukaa kwenye neno. Lazima ikae kwenye sauti moja moja, na kuiweka hapo ni kusema kwamba c imejazwa na konsonanti ya mwisho imeachwa wazi.

Hoja hii aliijenga Sharon Inkelas mwaka 1995, na ilibadilisha sababu yenyewe ya kuacha wazi. Haikuwa tena kubana matumizi. Kwake, mjifunzaji anajaza kila sifa anayoisikia, ila pale ambapo sauti ileile ya neno lilelile inageuka kwa namna inayotabirika, na pengo ndilo linaloruhusu kila umbo lipatikane bila kufuta kitu. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Chukueni ughuna wa m. Katika Kiswahili unatabirika kabisa, na kwa wale wa zamani kutabirika kulitosha kuuacha wazi. Kwa Inkelas haitoshi: m ya mama haigeuki kamwe, hivyo hakuna kinachomzuia mtoto kuihifadhi kama alivyoisikia.

Kuna pengo la namna nyingine ambalo tusilichanganye na hili, nalo ni lile lisilojazwa hata kinywani. Patricia Keating, mwaka 1988, alizungumzia h iliyo kati ya irabu. Ukiangalia spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti yanavyobadilika, h haina umbo lake la kinywa. Mikondo yake ya masafa inapita moja kwa moja kutoka irabu ya kwanza hadi ya pili. Sauti iliyojazwa ingeonyesha mahali ambapo mkondo unafika na kutulia kidogo. Pengo la kanat haliwezi kuonekana kwa namna hiyo, kwa kuwa likifika kinywani limekwisha kujazwa. Linathibitishwa na mabadiliko tu.

Ndiyo maana mtoto wa Kituruki aliyesikia kanat na sanat zikitamkwa peke yake hana njia ya kuzitofautisha: zote zinaishia kwa t. Mpaka asikie kanadı ndipo anapata sababu ya kukifuta kile kutokuwa ghuna alichokijaza mwishoni mwa kanat na kupaacha wazi.