Vikonyo vitatu vya ubongo mdogo: tupasue wa mbuzi, kisha tumpime mgonjwa

Karibuni, ndugu zangu. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu, walimu wa baiolojia, popote mlipo, Kampala, Mbale, Gulu hadi Arua, leo tunafanya kazi ninayoipenda kuliko zote: kuufungua ubongo mdogo, ule ambao vitabu huuita serebelamu. Tukimaliza mtajua kwa nini mtu aliyeumia ubongo mdogo upande wa kushoto huharibikiwa na mkono uleule wa kushoto, wakati ubongo mkubwa hufanya kinyume.

Ubongo nimeununua kwa mchinjaji. Mwambie mapema kwamba unataka kichwa kizima, asikipasue kwa panga. Panga hupita katikati kabisa ya kitu tunachokitafuta. Fuvu likatwe kwa msumeno, taratibu, kuzunguka juu ya macho hadi nyuma.

Ubongo mbichi ni laini mno, haukatiki vizuri. Uloweke kwenye fomalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya fomalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji. Ubongo wa mbuzi mmoja unahitaji lita moja na nusu hadi mbili. Pitisha uzi chini ya mshipa unaopita katikati ya tumbo la ubongo, uuning'inize ukielea, maana ukikaa chini ya ndoo utabonyea. Wiki mbili zinatosha. Vaa glavu, fungua madirisha, na kabla ya kukata uusuuze kwa maji usiku kucha. Mvuke wa fomalini unachoma macho.

Haya, huu hapa. Mbele ubongo mkubwa, nyuma huu mdogo wenye mikunjo myembamba iliyopangana kama kurasa za kitabu. Utando wa juu vua tu kwa vidole.

Katikati pana tuta linalotoka mbele kwenda nyuma, linaitwa vemisi, na kila ubavu una upande wake. Kwa mbuzi vemisi ni nene na pande ni ndogo. Kwa binadamu pande ndizo kubwa, kwa sababu ndizo zinazohudumia mikono na vidole vinavyofanya kazi za ustadi. Kwa hiyo usipime ukubwa wa binadamu kwa huu wa mbuzi. Mpangilio ni uleule, vipimo sivyo.

Sasa inakuja sehemu ngumu, naomba mnisikilize. Ubongo mdogo umeshikizwa kwenye shina la ubongo kwa vikonyo vitatu kila upande. Tutavikata. USIVUTE. Narudia: usivute ubongo mdogo juu ili uone vikonyo. Ukivuta, kikonyo cha juu hunyofoka pamoja na vinundu viwili vya nyuma vya ubongo wa kati, na paa jembamba la ventrikali ya nne linachanika. Hapo hujui tena kipi kilikuwa wapi.

Fanya hivi. Ingiza mpini wa kijiko kidogo chini ya ukingo wa nyuma, uinue milimita mbili tatu tu. Umeona uwazi ule wa giza? Hiyo ndiyo ventrikali ya nne, njia ya maji ya ubongo. Ikumbukeni, tutairudia.

Ngoja, kamera inaonyesha mng'ao mtupu. Ndugu, sogeza taa upande wa dirisha. Zaidi kidogo. Hapo. Futeni maji kwa pamba, maji ndiyo yanayong'aa.

Sasa angalieni mbele, nyuma tu ya vile vinundu viwili. Uzi mweupe ule, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, ni neva ya nne ya fuvu. Ndiyo pekee inayotokea mgongoni mwa shina la ubongo. Ukiiona, jua uko jirani na kikonyo cha juu, na mkono wako upunguze mwendo. Wembe mpya, mkato mmoja, kutoka nje kuelekea ndani, karibu na shina. Usikate kama msumeno. Na bado: usivute. Kata upande wa pili, ndipo ubongo mdogo utoke wenyewe.

Mmeona duara hili jeupe kwenye shina? Vikonyo vitatu vimebanana humo. Kilicho nje kabisa na kinene ni kikonyo cha kati. Kinafuatiwa na cha chini, kinachopanda kutoka medula na ugwe mgongo. Cha ndani, kinachoelekea mbele, ni kikonyo cha juu. Ukibanwa na majina, shika kazi zake. Cha kati huleta habari kutoka ubongo mkubwa, na huleta tu. Cha chini, kwa sehemu kubwa, huleta habari za misuli na viungo, pamoja na habari za sikio la ndani. Cha juu ndicho mlango mkuu wa kutokea.

Nakata vemisi katikati, haraka. Mti mweupe huo ndani ni nyuzi. Ufa mrefu kuliko yote, unaoingia kutoka juu, unatenga lobu ya mbele na lobu ya nyuma. Chini kabisa, karibu na ventrikali, kipo kipande kidogo cha tatu, lobu ya flokulonodula, inayoshughulika na macho na mizani ya kichwa.

Sasa njoo kwenye karatasi ya manila, nimechora kwa nyuzi mbili, nyekundu na bluu. Fuata mkono wa kushoto. Amri yake inaanza ubongo mkubwa wa kulia. Nakala ya amri hiyo, uzi mwekundu, inashuka hadi ponsi upande wa kulia, inavuka katikati, inaingia kwa kikonyo cha kati cha kushoto. Ubongo mdogo wa kushoto unalinganisha amri na habari za misuli, halafu masahihisho, uzi wa bluu, yanatoka kwa kikonyo cha juu cha kushoto. Yakifika ubongo wa kati, usawa wa vile vinundu viwili vya nyuma, yanavuka kwenda kulia, yanapita thalamasi, yanarudi kwenye ubongo mkubwa wa kulia. Nao ubongo huo wa kulia ndio unaoendesha mkono wa kushoto. Masahihisho yamevuka mara moja, amri ya mwisho nayo inavuka mara moja ikishuka. Mara mbili, tumerudi tulikoanzia: kushoto kwa kushoto.

Hapa ndipo wengi wanateleza. Jeraha likiwa mbele ya ule mvuko wa ubongo wa kati, yaani masahihisho yameshavuka, mkono unaoharibika ni wa upande wa pili. Kwa hiyo sema "upande uleule" kwa ubongo mdogo na vikonyo vyake kabla ya mvuko, basi.

Tuingie kwa mgonjwa wa mfano. Fundi cherehani, miaka 46. Kwa wiki tatu mkono wa kushoto unakosa tundu la sindano, na akitembea anaegemea kushoto. Simama kushoto kwake kabla hujamwambia ainuke, maana ndiko atakakoangukia.

Kipimo cha kwanza: aguse pua yake, kisha kidole chako, huku na huku. Kidole chako kiweke mbali kiasi kwamba mkono wake unyooke wote. Hili ni kosa ninaloliona kila mahali: kidole kikiwa karibu, mkono haunyooki na tatizo linajificha. Umbali. Umbali! Kisha sogeza kidole chako kila anapokigusa. Mkono wa kulia unafika sawa. Wa kushoto unaanza vizuri, ukikaribia unatetemeka zaidi, na unapitiliza kidole kwa upana wa vidole viwili. Mtetemeko unaokua kadiri mkono unavyokaribia shabaha ndio wa ubongo mdogo. Ule unaotokea mkono ukiwa umetulia pajani ni habari nyingine.

Cha pili, apige kiganja kwa kiganja, halafu kwa mgongo wa mkono, kwa kasi. Kushoto mdundo unavunjika. Cha tatu, akiwa amelala, kisigino cha kushoto kishuke juu ya muundi wa kulia kutoka gotini hadi kifundo. Kinayumba pembeni.

Kabla hujatamka ubongo mdogo, pima nguvu na hisia. Mkono dhaifu nao hukosa shabaha, na asiyehisi viungo vyake hukosa zaidi akifumba macho. Huyu fundi ana nguvu kamili, anahisi vyote, na akifungua macho bado anakosa. Basi jeraha liko kushoto, kwenye upande wa ubongo mdogo au njia zake. Kama angekuwa pia na sauti ya kukwaruza, ganzi ya uso wa kushoto na ganzi ya mwili wa kulia, ningeshuka hadi medula, jirani na kikonyo cha chini.

Mlinganishe na mnywaji wa waragi wa miaka mingi. Anatembea miguu imepanuka, hawezi kuweka kisigino mbele ya kidole kwenye mstari mmoja, kipimo cha muundi kinaharibika miguu yote miwili, lakini mikono inagusa pua karibu sawasawa. Kilichosinyaa hapo ni sehemu ya juu ya vemisi kwenye lobu ya mbele, sehemu ya miguu na kiwiliwili. Usimpime kitandani tu. Akilala anaweza kuonekana mzima, mwambie atembee. Akiwa pia amechanganyikiwa na macho yanatikisika au hayageuki vizuri, apewe thiamini ya mshipa mara moja, kabla ya glukosi au pamoja nayo.

Nimewaambia tutarudi kwenye ventrikali ya nne. Kamera, sogea hapa kwenye shina. Uwazi ni mdogo namna hii, na ubongo mdogo umeukalia. Damu ikivuja ndani ya ubongo mdogo, au kipande kikikosa damu na kuvimba, njia hii inazibwa na maji yanajaa juu yake. Mgonjwa anakuja na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, anatapika, hawezi kusimama hata akishikwa, na pengine mikono na miguu ina nguvu zake zote. Ndiyo maana anaambiwa ni tumbo au malaria. Anayetapika na hawezi kukaa wima peke yake, pima macho na kidole kwa pua kabla hajaondoka. Akianza kusinzia, muda ni mchache: kichwa kiinuliwe nyuzi 30, asile wala asinywe, asichomwe sindano ya mgongo, na ipigiwe simu hospitali yenye siti-skani na daktari wa upasuaji wa ubongo huku gari likiwa njiani.